Sauti Inapoachana na Picha: Namna ya Kurekebisha Video za Simu

(Mazungumzo yaliyotolewa Magunga mbele ya wanavikundi wanaorekodi masomo yao kwa simu)

 

Nimeombwa nizungumze juu ya jambo moja tu, na sitatoka nje yake. Video tuliyopiga kwa simu ni nzuri kabisa ikiwa bado kwenye simu. Tukishaipitisha kwenye kompyuta ili ipungue ukubwa au iingie kwenye flashi, mdomo unakwenda huku na sauti inakwenda kule. Kwa nini? Na tufanye nini?

Wacha nianze na kosa langu mwenyewe. Tulirekodi somo la kutengeneza maji ya sukari na chumvi kwa mtoto anayeharisha. Sisi watu wa kando ya ziwa tunajua kipindupindu kikija hakibishi hodi. Kipimo mnakijua: maji safi lita 1, sukari vijiko vya chai 6 vya kusawazisha, chumvi nusu kijiko. Kama pakiti ya dawa ya maji ipo kwenye zahanati, hiyo ndiyo bora. Lakini usiku, zahanati iko mbali, mama lazima ajue kupima.

Video ile ilikuwa ya dakika 20. Dakika 10 za kwanza mhudumu wa afya alizungumza nje, chini ya mti, jua likiwaka. Dakika 10 za mwisho tuliingia jikoni, akaonyesha kwa mikono. Nikaipeleka kwenye kompyuta, nikaibadilisha iwe ndogo, nikaiweka kwenye flashi, tukaifungua kwenye televisheni mbele ya akina mama. Nje chini ya mti mambo yalikuwa sawa. Tulipoingia jikoni nikaona mdomo umeanza kutangulia. Kufika dakika ya 18, mama mmoja aliyekaa mbele akasema, “Mwalimu, mbona sauti inanihesabia vijiko sita na mkono uko kwenye chumvi?”

Jameni, nilizima. Sauti ilikuwa bado inahesabu sukari, moja, mbili, tatu, na picha tayari inaonyesha kopo la chumvi. Mtu ambaye hajui somo atafuata mkono. Akiweka chumvi vijiko sita, maji yale hayamponyi mtoto, yanamdhuru. Kwa hiyo msidhani hili ni jambo la urembo wa video tu.

Ugonjwa wenyewe ni upi

Video si kitu kimoja. Ndani ya faili kuna vitu viwili vinavyotembea pamoja: sauti na picha. Picha ni picha nyingi moja moja, zinapita haraka mpaka jicho linaona mwendo. Simu nyingi zimepangiwa kupiga picha 30 kwa sekunde moja. Sauti nayo kwa kawaida inapimwa mara 48,000 kwa sekunde, na kipimo hicho hakibadiliki. Mchana au usiku, nje au ndani, sauti haingoji mtu.

Picha ndizo zinazosubiri. Ukiwa nje kwenye jua, jicho la simu linafunguka kidogo tu, linapata mwanga wa kutosha, linafunga. Picha 30 zinapatikana bila taabu. Ukiingia jikoni, mwanga ni mdogo. Jicho la simu linahitaji kubaki wazi muda mrefu zaidi kwa kila picha. Likibaki wazi zaidi ya sehemu ya 30 ya sekunde, basi picha 30 haziwezi kutosha ndani ya sekunde moja. Simu inachagua: afadhali picha chache zenye mwanga kuliko picha nyingi za giza. Zinakuwa 29, au 25, au hata chini ya hapo giza likizidi. Simu iliyopata joto sana nayo huweza kupunguza picha.

Sasa, simu si mjinga. Kila picha inaandikiwa saa yake: hii ionyeshwe kwenye sekunde fulani, hii kwenye sekunde fulani. Ukicheza video kwenye simu, simu inasoma saa hizo, ndiyo sababu huoni shida. Shida inaanza pale programu ya kubadilisha video, au ya kuikatakata, inapoacha kusoma saa na kuanza kuhesabu tu. Inasema, “Hii ni video ya picha 30 kwa sekunde,” na inazipanga picha zote 30, 30, 30 mpaka ziishe.

Hebu fikirini daftari la chama. Tunakutana kila Jumatano, na katibu anaandika mstari mmoja na tarehe yake. Wiki nne kwa mwaka mvua ilinyesha, hatukukutana, hakuna mstari. Mwisho wa mwaka una wiki 52 lakini mistari 48. Akija mtu asiyesoma tarehe, anahesabu mistari tu, atakwambia mstari wa 48 ni wa wiki ya 48. Hapana! Ni wa wiki ya 52. Hakuna mstari uliopotea, hakuna shilingi iliyoibiwa. Yeye hakusoma tarehe, basi. Ndivyo programu ile inavyofanya na video yetu.

Hesabu ya video yetu

Tuchukue kalamu. Dakika 10 ni sekunde 600. Chini ya mti simu ilipiga picha 30 kila sekunde, kwa hiyo 600 mara 30 ni picha 18,000. Jikoni ilipiga 29 kila sekunde, kwa hiyo 600 mara 29 ni picha 17,400. Jumla ni picha 35,400 ndani ya sekunde 1,200.

Programu yangu ilizipanga 30 kwa sekunde. Gawanya 35,400 kwa 30, unapata sekunde 1,180. Picha zimekwisha sekunde 20 kabla ya sauti. Angalieni: simu ilipunguza picha moja tu kwa sekunde, jambo ambalo jicho haliwezi kuliona, lakini mwisho wa somo tumepotea sekunde 20. Kwenye dakika ya 18, dakika 8 baada ya kuingia jikoni, tulikuwa tumepotea kama sekunde 16. Hizo zinatosha kumtoa mhudumu kwenye sukari mpaka kwenye chumvi.

Mimi nilifanya makosa mawili zaidi kabla ya kuelewa, na nawaambia ili msiyarudie. Kwanza nilisukuma sauti yote kwa sekunde 20. Mwisho ukawa sawa, lakini mwanzo ukaharibika kwa sekunde 20. Kisha nikaibana sauti, nikaiharakisha kidogo ili sekunde 1,200 ziwe 1,180. Mwanzo sawa, mwisho sawa, nikafurahi. Kumbe katikati, pale mhudumu anapoingia jikoni, sauti imetangulia picha kwa sekunde 10! Kwa nini? Kwa sababu upungufu haukuwa kila mahali. Chini ya mti hapakuwa na upungufu hata kidogo. Wote ulikuwa jikoni. Mimi niliugawa sawasawa kwa video yote, kama mtu anayewatoza faini wanachama wote kwa kosa la mmoja.

Namna ya kuutambua

Si kila video ambayo sauti imeachana na picha ina ugonjwa huu. Tazameni sehemu tatu: mwanzo, katikati na mwisho. Kama sauti imechelewa kiasi kile kile sehemu zote tatu, huo si huu ugonjwa. Hapo kusukuma sauti mara moja kunatosha. Lakini kama mwanzo ni sawa na kadiri video inavyokwenda pengo linapanuka, hasa kuanzia mahali mlipoingia ndani au jua lilipozama, basi ndio wenyewe. Dalili nyingine ni picha ya mwisho kuganda huku watu bado wanasikika wakizungumza.

Ili kuwa na hakika, kuna programu ya bure inaitwa MediaInfo. Iko ya kompyuta na iko ya simu za Android. Ifungulie faili ya asili, si ile iliyobadilishwa. Kwenye kompyuta ingia `View`, chagua `Text`. Shuka mpaka sehemu ya `Video`, tafuta mstari wa `Frame rate mode`. Ukisoma `Variable`, maana yake kasi ya picha inabadilikabadilika. Ukisoma `Constant`, kasi ni moja na shida yako iko mahali pengine. Kisha soma `Frame rate`, ambayo ni wastani. Yetu ilikuwa 29.5, yaani 35,400 kugawa kwa 1,200. Karibu video zote za simu zitakuwa na neno `Variable`; kama wastani uko karibu kabisa na 30, pengo litakuwa dogo. Wastani ukiwa 29, au 27, usiipeleke kwenye programu yoyote ya kukata kabla hujaitibu.

Tiba yake

Tiba ni kuitengeneza upya video kwa programu inayosoma saa ya kila picha, na kuiambia itoe picha 30 kwa kila sekunde bila kukosa. Mahali palipokosekana picha, inarudia ile iliyotangulia. Kwenye video yetu zilihitajika 36,000 nazo zilikuwa 35,400. Programu ilirudia picha 600, zote za jikoni, kama moja kila sekunde. Sauti haikuguswa mwendo wake. Ni sawa na katibu kuandika kwenye daftari, “Jumatano hii hatukukutana.” Mstari umejaa, na kila tarehe imerudi mahali pake.

Programu ninayotumia ni HandBrake. Ni ya bure, na kompyuta ya kawaida inaiweza. Fuateni hatua hizi.

Kwanza, toa video kwenye simu kwa waya wa USB. Usiitume kama video ya kawaida kwenye WhatsApp, maana huko inabanwa na kutengenezwa upya kabla haijakufikia. Kama hakuna waya, itume kama `Document`; hapo inafika kama ilivyo.

Pili, fungua HandBrake, bonyeza `Open Source`, chagua faili yako. Kwenye `Preset` chagua `Fast 1080p30`.

Tatu, na hapa ndipo penye dawa, ingia sehemu ya `Video`. Kwenye `Framerate (FPS)` weka 30. Chini yake kuna chaguo mbili. Utakuta `Peak Framerate` tayari imechaguliwa. Iache hiyo! Maana yake ni “picha zisizidi 30”, lakini zinaweza kupungua, kwa hiyo ugonjwa unabaki. Chagua `Constant Framerate`. Wengi wananiambia HandBrake haikuwasaidia, na nikiangalia nakuta waliruka kitufe hiki kimoja.

Nne, ipe faili mpya jina lingine, bonyeza `Start Encode`, na uwe na subira. Kompyuta ya zamani huweza kuchukua muda mrefu kuliko video yenyewe. Kama mnatumia sola, fanyeni mchana betri ikiwa imejaa, na msifunge kifuniko cha laptopu.

Kwa wale vijana waliozoea kuandika amri, kazi hiyo hiyo inafanywa na ffmpeg kwa mstari mmoja:

```
ffmpeg -i somo.mp4 -vf fps=30 -c:v libx264 -crf 20 -c:a aac somo-tayari.mp4
```

Neno `fps=30` ndilo linalojaza picha zilizokosekana kwa kufuata saa zake.

Sasa hakikisha. Fungua faili mpya kwenye MediaInfo: `Frame rate mode` iwe `Constant`. Urefu wa video uwe ule ule wa asili. Yetu ilirudi dakika 20 badala ya dakika 19 na sekunde 40. Halafu itazame mwanzo, katikati na mwisho kwa macho yako. Ikishapita hapo, ndipo uikate, uongeze maandishi na uiweke kwenye flashi. Mpango ni huo: tibu kwanza, kata baadaye. Ukikata kwanza ukatibu baadaye, unajaribu kunyoosha mti uliokwisha kupinda.

Kinga

Tiba hiyo inachukua muda na umeme, kwa hiyo kinga ni afadhali. Fungueni madirisha na mlango, au mtoeni mezani kwenda barazani. Mwanga ukitosha, simu haipunguzi picha. Msiache simu juani dakika nyingi kabla ya kurekodi. Na rekodini vipande vifupi vya dakika 5, si kimoja cha saa nzima. Kipande kifupi kikipotea kinapotea kidogo, na kinachofuata kinaanza sawa.

Na jambo moja dogo: kabla ya kuanza kila kipande, mtu asimame mbele ya simu apige kofi moja ambalo kila mtu analiona na kulisikia. Mwisho apige tena. Makofi yale mawili ni mashahidi wenu. Kama la kwanza limelingana na la mwisho halikulingana, mnajua ugonjwa upo hata kabla ya kufungua MediaInfo.

Maswali yaliyoulizwa

Mama mmoja aliuliza: “Na kama video ya asili tumeshaifuta kwenye simu, imebaki ile iliyoharibika?”

Mama, hapo umeuliza swali gumu. Zile saa za picha zilitupwa wakati wa kubadilisha, na faili iliyoharibika haizikumbuki. Hata MediaInfo itakwambia ni `Constant`, kama vile ni nzima. Kinachobaki ni kuikata vipande vidogo na kusogeza sauti ya kila kipande kwa mkono, ukitazama mdomo. Ni kazi ya siku nzima na haiwi kamili. Kwa somo la dawa na vipimo, mimi nasema rekodini upya. Ndiyo maana naomba kila kikundi kiwe na mtu mmoja anayetunza faili za asili kwenye flashi yake, na asifute chochote mpaka ile mpya imetazamwa yote.

Kijana mmoja aliuliza: “Je, HandBrake itatoa zile picha ambazo simu haikupiga?”

Hapana. Inarudia tu zilizopo. Kwa mtu anayeongea au anayepima unga huwezi kujua. Kwa ngoma au mpira uliochezwa jioni, simu ikiwa imeshuka sana, utaona mwendo unakatikakatika kidogo. Sauti italingana, lakini ulaini wa mwendo haurudi.

Mzee mmoja aliuliza: “Kwani ni lazima kubadilisha? Tusioneshe tu kutoka kwenye simu?”

Mzee, umesema kweli. Kama watazamaji ni watano na simu inawatosha, acheni video kama ilivyo, ni nzima. Televisheni nyingine pia zinacheza faili ya simu moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila shida. Jaribuni hivyo kwanza. Badilisheni pale tu mnapohitaji kuikata, kuipunguza au kuiunganisha na nyingine.

Video yetu ile tuliitibu kutoka kwenye faili ya asili, tukaionyesha tena kwa akina mama wale wale. Yule mama wa mbele alihesabu vijiko kwa sauti, pamoja na video. Alipofika sita mkono ulikuwa bado kwenye sukari. Nusu kijiko ikatajwa, na chumvi ikaingia. Akanigeukia akasema, “Sasa inasema kile inachofanya.”